GB 40 zimekata siku ya 9, mlaji ni TV. Nisaidieni hesabu

#1 BabaNasra

Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilijikakamua nikanunua TV ya smati inchi 32. Mtandao natumia ile ruta ndogo ya laini, nimeweka bando la mwezi GB 40. Kabla ya hapo tulikuwa tunaangalia kwenye simu tu na GB 15 zilikuwa zinafika mwisho wa mwezi bila shida, kwa hiyo niliona 40 ni nyingi mno.

Siku ya 9 asubuhi mtoto anakuja chumbani: "Baba, katuni imeganda." Naangalia salio, hakuna kitu. Nikapiga huduma kwa wateja, dada wa watu akaniambia kwa upole matumizi yote ni ya kwangu. Sikubishana naye, ila moyoni nasema nimeibiwa.

Matumizi yetu ni haya. Watoto katuni za YouTube kama saa 2 kwa siku. Mama Nasra tamthilia ya Netflix saa 1 usiku. Mimi mpira, wikiendi. Simu zetu zina bando zake, haziingii hapa. Naomba mwenye hesabu anieleze: hii ni kawaida au kuna jirani ameingia kwenye waifai yangu?

#2 Kitindamimba

Mkuu TV za inchi 32 nyingi zina GB 8 tu na nusu imeshaliwa na programu za kiwandani. Futa programu usizotumia uone kama haitapumua.

#3 BabaNasra

Asante mdogo wangu, lakini hizo ni GB za kuhifadhia. Mimi naongelea GB za bando.

#4 Kitindamimba

Ohoo. Basi sijasema kitu 😂

#5 FundiWaya

BabaNasra, badilisha nywila ya waifai leo kuondoa wasiwasi wa jirani, lakini sidhani kama ni yeye. Tusibahatishe, pima kwanza. Ruta nyingi za laini zina ukurasa wake wa ndani. Kwa ruta za Huawei unaandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari cha simu ukiwa umeunganishwa na waifai hiyo, unatafuta sehemu ya Statistics. Utaona data iliyopita tangu ruta iwashwe.

Fanya hivi: zima waifai kwenye simu zote ibaki TV peke yake na simu moja ya kusomea. Andika namba iliyopo. Acha watoto waangalie saa 1 kamili kama kawaida yao, usiguse kitu. Soma tena namba, toa. Kesho fanya hivyohivyo kwa tamthilia ya mama. Ukishapata hizo namba mbili, rudi hapa.

#6 Mtoto wa Likoni

Sisi huku Mombasa tulichoka na hizo bundles, mtaa ukavutiwa nyaya za faiba, tunalipa kwa mwezi tunaangalia hadi macho yaume. Wekeni faiba jamani, mnajitesa bure.

#7 BabaNasra

Kaka, huku kwetu hata nguzo ya umeme ya mwisho iko nyumba tatu kutoka kwangu. Faiba itakuja wajukuu wakioa.

#8 Mkongwe2009

Tatizo ni 5G na 4G hizi. Ukiwa na kasi kubwa bando linakwisha haraka. Zamani na 3G bando lilikuwa linadumu. Washa 3G utanishukuru.

#9 FundiWaya

Mkongwe, umegusa ukweli ila umeushika mkia. Faili la MB 500 ni MB 500 tu, liwe limeshuka kwa 3G au 5G. Lakini video za mtandaoni hazishuki kama faili moja. Video ileile imewekwa huko kwenye seva kwa matoleo mengi, kuanzia hafifu mpaka kali. TV inapima njia ilivyo pana, kisha inaomba toleo kali kuliko yote linaloweza kupita bila kukwama, na inaendelea kupima kila baada ya sekunde chache. Njia ikipanuka, inapanda ngazi yenyewe. Haikuulizi, na haijui kwamba wewe unalipia kila GB. Yenyewe inaona waifai, na kwa akili yake waifai ni bure.

Ndiyo maana simu yako iliishi na GB 15. Simu inajua ikiwa kwenye data ya laini, na programu nyingi zinajibana zenyewe. Bando lilelile likipitia kwenye ruta kwenda TV, hiyo adabu inaisha.

#10 BabaNasra

Nimepima siku mbili. Katuni saa 1: GB 1.4. Netflix saa 1: GB 1.6. Nywila nimebadilisha na hakuna jirani aliyelalamika 😅

#11 FundiWaya

Basi kesi imekwisha. Watoto saa 2 mara 1.4 ni GB 2.8. Mama 1.6. Jumla 4.4 kwa siku. Gawa 40 kwa 4.4, unapata siku 9 na kidogo. Ongeza mpira wako wa wikiendi, zinakata siku ya 9 asubuhi, kama ulivyosema. Hujaibiwa mkuu.

Sasa nikupe kanuni moja ambayo itakutosha maisha yako yote. Mtiririko wa Mbps 1 ukienda saa nzima unakula GB 0.45. Kwa hiyo

```
GB kwa saa = Mbps x 0.45
```

Mwenye TV inayovuta Mbps 3 anakula GB 1.35 kwa saa. Mbps 5 ni GB 2.25. Ukirudi nyuma, 1.4 yako ya katuni ni kama Mbps 3.1. Angalizo dogo: hiyo b ya Mbps ni biti, na biti 8 ndiyo baiti moja. Wanaopiga hesabu bila kugawa kwa 8 ndio wanaokuja kulia kwamba TV inakula GB 3.6 kwa saa kwa kila Mbps.

Netflix wenyewe wametoa viwango vyao kwa saa: Low hadi GB 0.3, Medium hadi 0.7, High hadi 3 kwa HD na hadi 7 kwa 4K. Sasa tazama pengo la Medium na High. Kwa 0.7 mama anamaliza GB 21 kwa mwezi. Kwa 0.3 anamaliza GB 9.

#12 Shangazi Tanga

Wanangu, mimi nimeweka simu yangu kwenye Data Saver ya YouTube, halafu narusha video kutoka kwenye simu kwenda TV kwa kile kialama cha pembeni. Kwa hiyo TV inakula kidogo kama simu. BabaNasra jaribu.

#13 FundiWaya

Shikamoo Shangazi. Hapo naomba nikusahihishe kwa heshima. Ukirusha kwa kialama kile, simu inageuka rimoti tu. Inaiambia TV "cheza video fulani", halafu TV inaenda yenyewe mtandaoni kuichukua, kwa ubora inaoutaka yenyewe. Setingi ya simu haivuki. Jaribu: rusha video, kisha zima data ya simu kama TV inatumia waifai nyingine. Video itaendelea.

Ingekuwa kama unavyosema kama ungekuwa unaakisi kioo chote cha simu kwenye TV, ile unaona hadi meseji zako zinaonekana ukutani. Hapo kweli anayechukua video ni simu.

#14 Shangazi Tanga

Marahaba. Loh! Miezi minne najiona mjanja.

#15 BabaNasra

Fundi, sasa napunguzaje? Nimeingia setingi za TV, sehemu ya picha, nikatoa Vivid nikaweka Standard, nikashusha na mwangaza. Nimepima, bado 1.4.

#16 Mkongwe2009

Hiyo ni setingi ya rangi mkuu, haina uhusiano na bando. Hapo umepunguza umeme tu. (Angalau leo nimejibu sahihi.)

#17 FundiWaya

Mkongwe yuko sahihi. Tuanze na Netflix maana ndiyo rahisi. Kwenye TV hutaipata hiyo setingi, usiitafute. Ingia netflix.com kwa kivinjari cha simu, fungua Account, chagua profaili ya mama, kisha Playback settings. Utaona Data usage per screen, weka Low au Medium, bonyeza Save. Ni ya profaili hiyo tu, kwa hiyo kama watoto wana profaili yao rudia na huko. Kisha kwenye TV toka kwenye akaunti uingie upya ili ishike.

Hapohapo kuna viboksi viwili vya Autoplay. Kimoja ni cha kipindi kinachofuata, kingine ni cha vile vionjo vinavyojicheza ukiwa unachagua. Toa tiki zote mbili. Hicho cha kwanza ndicho kinachoendesha tamthilia hadi saa nane usiku mtu amelala kwenye kochi.

YouTube ndiyo yenye kazi. Video ikiwa inacheza, unaita menyu kwa rimoti, unaenda kwenye kile kigurudumu, Quality, unachagua. Inchi 32 nyingi kioo chake kina nukta 1366 kwa 768. Yaani hata ikipokea 1080p, inaikunja iingie kwenye kioo kidogo kuliko picha. Unalipia nukta ambazo kioo hakina. 720p ndiyo dari yako, na kwa katuni 480p inatosha kabisa. Menyu hiyohiyo ina Stats for nerds, iwashe uone ubora unaopokea sasa hivi.

#18 BabaNasra

Nimewasha hiyo Stats. Nilikuwa napokea 1920x1080! Kwenye kioo hiki hiki cha 768! Nimeshusha 480p, nusu saa imekula MB 190, yaani GB 0.38 kwa saa. Nasra (miaka 6) hajaona tofauti. Mimi nikisogea karibu naona ukungu kidogo kwenye maandishi, nikirudi kwenye kochi sioni.

Tatizo: katuni ikiisha, inayofuata inaingia na 1080p tena. Sasa nikae na rimoti saa mbili?

#19 MamaPacha

Hilo ndilo lililonishinda mimi. Kwenye TV yangu ubora unashika kwa video moja tu, ikija nyingine inarudi Auto. Na watoto wanabadilisha katuni kila dakika tano. Nikaamua kuchagua video ndefu, zile za saa nzima zilizounganishwa, naweka 480p mara moja naondoka.

#20 FundiWaya

Mbinu ya MamaPacha nzuri. Ila dawa yenyewe ni kuibana njia badala ya kuibembeleza TV. Nilisema TV inapanda ngazi kadiri njia inavyopanuka. Basi ifanye iwe nyembamba. Ruta nyingi za TP-Link zina sehemu inaitwa Bandwidth Control au QoS. Unaingiza anwani ya TV peke yake, unaweka kikomo, simu zinabaki na kasi yake. Vile viruta vya mfukoni vingi havina kitu hiki, kwa hiyo BabaNasra angalia kwanza.

Tupige hesabu ya kikomo, maana hapa watu wanakosea. Ukiweka 1500 Kbps, yaani Mbps 1.5, TV haiwezi kuzidi GB 0.675 kwa saa hata ikitaka. Saa 3 zenu kwa siku ni saa 90 kwa mwezi, mara 0.675 unapata karibu GB 61. Umeona? Kikomo hicho peke yake hakikuokoi. Ukiweka 1000 Kbps ni GB 0.45 kwa saa, na saa 90 ni GB 40.5. Bado mpira haujachezwa.

Kwa hiyo changanya. Netflix Low, GB 9. Katuni chini ya kikomo cha 1000, saa 60 mara 0.45, GB 27 kwa kiwango cha juu kabisa. Jumla 36. Unabaki na GB 4 za mpira.

#21 BabaNasra

GB 4 za mpira?? Kwa mwezi? Fundi unataka nihamie Simba au Yanga kwa redio?

#22 FundiWaya

😂 Mpira ndio mlaji mbaya kuliko wote kwa kila GB unayompa. Katuni ina rangi bapa na vitu vichache vinavyotembea, inabanwa vizuri. Uwanja mzima wa nyasi, kamera inakimbia, watu elfu wanapunga bendera nyuma, hapo ukibana sana mpira wenyewe unapotea. Kwa mechi pandisha kikomo hadi 1500. GB 4 gawa kwa 0.675 ni karibu saa 6, mechi tatu.

#23 NgomaNzito

Mechi tatu nyumbani, nyingine kibanda umiza. Buku lako, kelele za bure. Hesabu imekubali.

#24 DijitoKinondoni

Mimi situmii ruta, naunganisha TV kwa hotspoti ya simu. Android 13 kuendelea, ukifungua zile setingi za wasanidi kuna Network download rate limit. Nimeweka 1Mbps na TV imetulia 480p. Pia kwenye matumizi ya data ya simu kuna mstari wa hotspoti peke yake, unasoma hapo bila kuingia kwenye ukurasa wa ruta.

#25 MamaPacha

Dijito mimi nimejaribu hiyo sasa hivi, simu inashuka kasi lakini TV iliyounganishwa bado inapaa. Simu yangu Android 14.

#26 DijitoKinondoni

Ajabu. Kwangu inafanya kazi, nimepima mara mbili. Labda inategemea simu.

#27 FundiWaya

Inawezekana kabisa. Simu nyingine zinapitisha data ya hotspoti kwa njia ya mkato ndani ya chipu, haigusi mahali pale kikomo kinapokaa. Kila mtu apime kwake, asiamini mpaka aone namba.

Na wenye TV za Android tafuteni kwenye setingi za mtandao kama kuna Data Saver. Baadhi wanayo, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa hotspoti kama Dijito.

#28 BabaNasra

Wakuu, narudi na mrejesho. Leo siku ya 26 ya bando jipya, zimebaki GB 7.2.

Ruta yangu ilikuwa na hicho kipengele, nimeweka 1000 kwa TV. Katuni kwa kweli zinakula pungufu ya hesabu ya fundi, kama 0.36 kwa saa, nadhani kwa sababu TV inachagua toleo lililo chini ya kikomo, hailigusi dari lenyewe. Netflix ya mama kwenye Low inakula kama 0.28. Aliponiona nashika simu yake akaniuliza "umefanya nini, nyuso zimelainika?" Nikamwambia wamepaka poda. Siku ya tatu alizoea, lakini tamthilia ya usiku wa giza giza alilalamika kweli, weusi unakuwa vipande vipande. Nimemwahidi Medium siku za Jumamosi.

Kwa hesabu hizo nilipaswa kuwa na kama GB 14 hivi. Zimekwenda wapi? Mechi tatu nyumbani zimekula 4. Zilizobaki nimezifuatilia kwenye Statistics: usiku mmoja TV ikiwa imezimwa kwa rimoti, namba ilipanda zaidi ya GB 1. Asubuhi nakuta imejisasisha.

#29 FundiWaya

Hapo ndipo kikomo hakisaidii. Sasisho ni faili moja, ukibana njia linachukua saa nyingi zaidi lakini GB ni zilezile. Zima masasisho ya kujiendesha kwenye setingi za TV na kwenye duka la programu, uyafanye mwenyewe ukipata waifai ya bure. Usiyaache milele tu, maana Netflix na YouTube siku moja zitakataa kufunguka. Na TV ikizimwa kwa rimoti haijazimika, imelala. Usiku zima kwenye soketi.

#30 Shangazi Tanga

BabaNasra, na hiyo GB moja na ushee iliyobaki bila maelezo? Mimi ruta yangu inasema nimetumia 21, mtandao unasema 22.3. Kila mwezi ruta inasema pungufu.

#31 FundiWaya

Shangazi, sehemu ni namna ya kuhesabu. Kuna anayepanda kila ngazi, kutoka baiti hadi KB, MB na GB, kwa 1000 na kuna anayepanda kwa 1024. Kwa GB 21 tofauti hiyo peke yake inaweza kufika GB 1.5 kwenye namba zinazoonyeshwa. Lakini pia umeme ukikatika ruta nyingine hupoteza hesabu ya mwisho. Ipi kati ya hizo ndiyo yako, siwezi kusema kutoka huku.

#32 Shangazi Tanga

Umeme kwetu wiki hii umekatika mara nne. Mwezi ujao nitaandika kwenye daftari kila siku jioni, nitarudi hapa.